Umejaza mafuta ya dola 35, benki imeshika dola 175: fanya hivi kabla hujaanza kulia

Hii naiandika nikiwa dukani kwangu Kanyenye, Tabora, kwa sababu nimechoka kuielezea mtu mmoja mmoja kwenye simu. Kabla ya uwakala nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la kadi benki, benki gani haijalishi, na hili swali nililikuta huko na limenifuata mpaka huku. Mtu kasafiri nje na kadi yake ya benki ya Bongo, kaenda sheli kujaza mafuta, risiti inasema hela kidogo, meseji ya benki inasema hela nyingi, basi ameibiwa. Hajaibiwa, ila hela yake kweli hawezi kuitumia, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Juzijuzi likanikuta mwenyewe. Mdogo wangu alienda kwa mjomba wetu Houston, Marekani, wiki tatu. Laini yake ya huku aliniachia mimi, simu ikae hewani, watu wanaomdai na anaowadai wampate kupitia kwangu. Kadi aliondoka nayo. Sasa usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa nane huku kwetu, kule bado saa kumi na mbili jioni, ile simu ikalia meseji. Nikasoma na jicho moja: muamala wa TZS 437,500, salio TZS 182,500. Nikakaa kitandani. Nikamwandikia wasap, "We mtoto umenunua nini cha laki nne usiku huu?" Akajibu, "Dada, sijanunua kitu, nimemjazia mjomba mafuta tu, dola 35." Halafu baada ya dakika mbili, "Dada nimeibiwa."

Nikamwambia tulia, piga picha risiti unitumie, na usiguse tena hiyo kadi kwenye pampu nyingine mpaka nikwambie.

Sasa tuanzie hapo kwenye pampu, maana usipoelewa kinachotokea pale hatua zote zitakazofuata utaziona kama uganga.

Huku kwetu ukiingia sheli, iwe pale mjini au njiani kwenda Nzega, unamwambia mhudumu "weka ya thelathini". Anabonyeza 30,000, pampu inakata yenyewe ikifika hapo, unalipa keshi au lipa namba au unaswaipu, unachukua risiti ya EFD unaondoka. Hata ukisema jaza tenki, anajaza kwanza, pampu inaonyesha 87,400, ndipo kadi inaingia kwenye mashine na mashine inaandikwa 87,400. Kwa hiyo kadi yako inapoguswa, kiasi kinajulikana. Benki inaulizwa kitu kimoja tu: 87,400 ipo? Ipo, toa. Kwisha.

Kule pampu nyingi hazina mhudumu. Unafika, unachomeka kadi mwenyewe au unagusisha, pampu inafikiri kidogo halafu inakuruhusu uchukue nozo. Angalia mpangilio wake: kadi imeguswa KABLA ya mafuta. Hakuna anayejua utajaza ya dola 10 au ya dola 120, wewe mwenyewe hujui kama unajaza tenki. Na sheli haiwezi kukuachia uchote kwanza ndipo iulize benki kama una hela, maana mafuta yakishaingia kwenye tenki hayarudi, na wewe una gari, unawasha unaondoka.

Kwa hiyo pampu inaiuliza benki yako swali la kujihami: huyu mtu ana dola 175? Benki ikisema anazo, inazitenga pembeni, inaipa pampu namba ya idhini, na pampu inafunguka. Kwa nini 175? Kwa sababu Visa na Mastercard zimeweka kikomo cha kiasi ambacho sheli inaweza kuomba kishikiliwe kwenye pampu za kujihudumia kule Marekani, na mwaka 2022, mafuta yalipopanda sana, kikomo kikapandishwa kutoka dola 125 hadi 175. Ni kikomo, siyo lazima. Sheli moja inaomba 175, nyingine 100, nyingine inaomba dola 1 tu ya kuhakikisha kadi iko hai. Ndio maana unaweza kujaza sheli mbili siku moja ukaona vitu viwili tofauti kabisa, ukadhani kadi imerogwa.

Ukishamaliza ukarudisha nozo mahali pake, pampu inapeleka ujumbe wa pili: jamani, alichochota ni cha dola 35.84 tu. Huo ujumbe wa pili ndio unaotakiwa kuishusha ile 175. Na matatizo yote ya watu wetu yapo kwenye huo ujumbe wa pili, yaani nani anausikiliza na kwa haraka gani. Benki nyingi za kule kwao zinausikia pale pale, mtu anajaza mafuta saa sita, saa saba akifungua apu anaona 35.84, wala hajui kama 175 iliwahi kuwepo. Kadi yako ya huku inaweza isifanye hivyo. Mfumo wa benki unaweza kuuacha ule ujumbe upite tu na kusubiri faili rasmi la malipo ambalo linakuja baada ya siku moja hadi tatu za kazi. Ndani ya hilo faili ndio kuna deni halisi, na likifika mfumo unatakiwa uliunganishe na ile idhini ya mwanzo, uitoe 175, uandike 35.84. Ukishindwa kuunganisha, unakuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Subiri, tutafika huko.

Kitu kimoja kikae kichwani: sheli haijachukua hiyo 175. Haina. Hela iko benki kwako, imefungiwa kachumba, na ufunguo anao benki wako.

HATUA YA KWANZA ni kabla hujagusa pampu, na kwa kweli ukiishika hii nyingine zote hutazihitaji. Usilipie kwenye pampu. Angalia namba ya pampu uliyopaki, ingia ndani kwa keshia, mwambie dola 40 pampu namba nne, toa kadi. Hapo umegeuza mchezo ukawa kama wa kwetu, kiasi kimetajwa kwanza. Benki itaulizwa 40, itashika 40. Ukijaza za 35.84 tenki likajaa, deni litakuja la 35.84, na hata kama benki yako ni ya kukawia, kinachokawia ni dola 4 na senti 16, siyo laki tatu na nusu. Kama una keshi toa keshi, na sheli nyingine kule zina bei ya chini kidogo kwa anayelipa keshi, imeandikwa kwenye bango kabisa.

Mdogo wangu hakujua hilo. Na watu wanaona aibu kuingia ndani kwa sababu Kiingereza, au kwa sababu wanaona wenyeji wote wanagusisha tu na wao hawataki kuonekana washamba. Ingia. Keshia anaulizwa hivyo mara mia kwa siku.

Kuna sababu nyingine ya kuingia ndani. Pampu nyingi kule zinakuandikia ENTER ZIP CODE, wanataka tarakimu tano za posta za mahali bili ya kadi inapokwenda. Kadi ya Tabora haina hiyo ya Marekani, na ukiandika ya nyumbani kwa mjomba haitalingana na alichonacho benki wako, pampu inakataa, inakwambia SEE CASHIER. Hapo mtu anarudia. Anajaribu tena, anahamia pampu ya pili, anajaribu tena. Sasa sikiliza: inaweza kutokea benki ilishasema ndiyo na kushika hela, ila pampu ndiyo iliyokataa kwa sababu ya namba ya posta kutolingana, na kama haikurudi kuiambia benki "achia", hela inabaki imeshikwa. Niliwahi kuhudumia baba mmoja alijaribu mara tatu, hajapata hata tone, na salio limepungua mara tatu. Pampu ikikataa mara moja, acha, ingia ndani.

HATUA YA PILI, umeshachelewa, umeshagusisha, pampu imekubali. Jaza, rudisha nozo vizuri mpaka uone imekaa (ile ndiyo inayofunga muamala, nozo ikining'inia muamala haujafungwa), na chukua risiti. Pampu ikikuuliza kama unataka risiti sema ndiyo, karatasi ikiwa imeisha ingia ndani wakuchapie. Risiti ya mdogo wangu ilikuwa na vitu hivi: galoni 11.204, bei 3.199 kwa galoni, jumla 35.84, tarehe na saa, tarakimu nne za mwisho za kadi, na namba ya idhini. Piga zidisha uhakikishe, 11.204 mara 3.199 inakuja 35.84, sawa. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, kwa hiyo ni kama lita 42 na kidogo, gari ya kawaida, hakuna maajabu. Piga picha hapo hapo maana zile karatasi zikikaa kwenye dashibodi juani wiki moja zinafutika zote.

HATUA YA TATU, meseji imeingia na inatisha. Usiiamini sana meseji. Meseji ya benki huwa inatumwa benki inapotoa idhini, na mara nyingi inaandikwa kana kwamba hela imeshatoka, haikwambii "hii tumeishika tu". Ingia kwenye apu au menyu ya simu ya benki yako uangalie vitu viwili. Kwanza taarifa fupi ya akaunti, ile miamala ya mwisho. Hela iliyoshikwa haikai humo kama muamala uliokamilika. Kwenye apu inayoonyesha vizuri utaiona pembeni imeandikwa PENDING, kwenye apu nyingine huioni kabisa. Pili angalia salio, apu nyingi zina mawili, salio halisi na salio linaloweza kutumika. Yakiwa yanatofautiana, tofauti yake ndiyo iliyoshikwa.

Tulivyofanya sisi: salio halisi lilikuwa bado 620,000, vile vile kama lilivyokuwa kabla ya mafuta. Linaloweza kutumika 182,500. Toa, inabaki 437,500. Gawa kwa 2,500, hapa nachukua 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi, unapata dola 175 kamili. Ukiwa umetoka kujaza mafuta na namba imegawanyika ikatoka 175 au 125 au 100 kamili bila senti, uwezekano mkubwa ni holdi ya pampu, yaani ile hela iliyoshikwa. Mafuta ya kujaza tenki ni nadra kutoka kamili hivyo.

Hapo nikampigia. "Hela yako ipo, ila laki nne na thelathini na saba na nusu hutaigusa kwa siku kadhaa, umebaki na laki na themanini na mbili na nusu. Mpango wa viatu achana nao." Akanyamaza. "Na hoteli ya San Antonio nimeshabuki, Dada." Ndio ubaya wa hiki kitu, hela haijapotea ila siku unayoihitaji haipo, na kadi ya debiti ni hela yako mwenyewe ya mfukoni inayofungwa. Mwenye kadi ya krediti anafungiwa kikomo chake cha kukopa, haumii sana. Kadi nyingi za huku kwetu ni za debiti, au zile za kujaza hela kwanza.

Kama salio lake lingekuwa dogo, tuseme dola 60 tu, kungetokea moja ya mambo mawili. Ama benki ingekataa na pampu isifunguke, ingawa alitaka mafuta ya dola 35 na hela alikuwa nayo. Ama benki ingesema "175 hana, ana 60", na pampu ingekubali na kujikata yenyewe ikifika 60. Hilo la pili linategemea benki na sheli kama mifumo yao inaelewana, usilitegemee.

HATUA YA NNE ni kusubiri, na kusubiri kuna hesabu yake. Siku zinazohesabika ni za kazi. Alijaza Alhamisi jioni ya kule. Ijumaa moja, Jumamosi na Jumapili hazimo, Jumatatu mbili. Na kweli Jumatatu deni halisi likaingia. Lakini liliingia 90,317, siyo 89,600 niliyokuwa nimepiga mimi kwa 2,500. Hapo tena akashtuka. Ni hivi, idhini ilibadilishwa kuwa shilingi kwa bei ya dola ya siku ya idhini, deni linabadilishwa kwa bei ya siku linapofika. Siku hiyo ilikaa 2,520, na 35.84 mara 2,520 ndiyo 90,317. Benki nyingine inaongeza na makato yake ya kutumia kadi nje, hiyo iko kwenye orodha ya makato waliyokupa ukasaini bila kusoma. Kwa hiyo hata siku 175 isingekuwepo, meseji ya kwanza na deni la mwisho zisingelingana shilingi kwa shilingi.

Sasa kikaja kile nilichosema tutafika. Jumatatu jioni nikaangalia: salio halisi 529,683, sawa, 620,000 toa 90,317. Linaloweza kutumika? 92,183. Yaani deni limeingia NA 437,500 bado imeshikwa. Kwa macho ya mtu wa kawaida amekatwa mara mbili, mafuta ya laki tano na ushee. Hajakatwa mara mbili, ni mfumo umeshindwa kuunganisha deni na idhini. Unatakiwa uunganishe kwa namba ya idhini na vitambulisho vya muamala, ila mifumo mingine inaangalia na kiasi, na ikiona iliyoidhinishwa ni 175 iliyokuja ni 35.84 inaona hawa siyo ndugu, kila mmoja na lake. Dukani au hotelini kiasi huwa kinakaribiana, kwenye mafuta kinapishana mno, ndio maana mafuta yanasumbua kuliko vitu vingine. Isipounganishwa, holdi inakaa mpaka iishe muda wake yenyewe, na muda huo kila benki imejiwekea wake. Nilizoziona mimi nikiwa kwenye dawati zilikuwa zinaanzia siku tatu na kuna zilizopita wiki.

HATUA YA TANO ni kupiga simu, na ipige benki, siyo sheli. Watu wanamaliza vocha kumpigia meneja wa sheli Houston, naye anawaambia kweli kabisa kwamba kwake inaonekana 35.84, wao wanadhani anawazungusha. Piga namba iliyo nyuma ya kadi. Kabla deni halijaingia hawawezi kufanya cha maana, watakwambia subiri na wako sahihi. Ila deni likishaingia na holdi bado ipo, una hoja. Sema hivi, kwa maneno haya haya: "Muamala wa mafuta wa tarehe fulani umeshaingia wa 90,317, naomba idhini ya awali ya 437,500 yenye namba fulani iondolewe, risiti ninayo." Usiseme nimeibiwa. Ukisema umeibiwa wanaifunga kadi kwanza, ndio utaratibu, na mtu yuko ugenini bila kadi. Nimeona ikitokea, na kufungua upya mpaka uje tawini.

Mimi niliwapigia wakagoma kuongea nami, sina uhalali, akaunti siyo yangu, na nilijua watagoma maana mimi mwenyewe niligomea watu hivyo hivyo miaka yote. Ikabidi mwenyewe aandike barua pepe kwa anwani iliyosajiliwa benki, aambatanishe picha ya risiti. Kuna benki inaweza kukuomba uthibitisho kutoka sheli kwamba hawatadai zaidi, hapo ndipo sheli inaingia, kabla ya hapo waache wauze mafuta.

HATUA YA SITA kwa wachache. Kama siku zimepita na ukiangalia taarifa ya akaunti, taarifa siyo meseji, unaona vyote viwili vimeandikwa kama miamala iliyokamilika, 437,500 na 90,317, salio halisi limeshuka kwa vyote, basi hapo siyo holdi tena. Vivyo hivyo ukiona imeingia moja tu lakini ni ile kubwa. Hapo unajaza fomu ya kupinga muamala, unaambatanisha risiti, na usicheleweshe maana kupinga kuna siku zake, uliza ni ngapi. Ni nadra kwa mafuta. Katika miaka yangu pale sikumbuki kama zilifika tano.

Na kuna ya upande wa pili ambayo hailalamikiwi kwa sababu mwanzoni inafurahisha: meseji inasema dola 1. Mtu anajaza tenki zima benki inashika shilingi 2,500, anaona salio limejaa, anakwenda kulitumia lote. Baada ya siku mbili tatu deni la 35.84 linafika na kukuta akaunti tupu, linaingia hivyo hivyo, salio linakuwa hasi. Mafuta alishachoma, hakuna cha kupinga. Ukiona dola 1, chukua risiti yako, toa kiasi chake kwa kichwa, hiyo hela siyo yako tena hata kama apu inakuonyesha.

Turudi kwa mdogo wangu. Barua pepe alituma Jumanne. Alhamisi asubuhi nilipofungua apu salio linaloweza kutumika lilikuwa 529,683, limelingana na salio halisi. Hakuna meseji iliyokuja, holdi ikiachiwa huwa hawakutaarifu, unajionea mwenyewe. Kama ni barua pepe yake iliyofanya kazi au ni wiki ilitimia ikaachia yenyewe, siwezi kuapa.

Hoteli ya San Antonio mjomba alimlipia, akamrudishia baadaye. Jumamosi walipokuwa wanatoka kwenda huko huyo huyo mjomba akasimama sheli, na kijana akashuka, akasoma namba ya pampu, akaingia ndani. Saa moja jioni huku meseji ikaingia kwenye simu ya dukani kwangu: TZS 100,000. Dola 40 kamili.